Maswali na majibu: "uzembe" kwenye ripoti ya ajali

Kosa ni la mfanyakazi mwenyewe, kaingiza mkono kwenye mkanda unaotembea. Chanzo cha msingi naandikaje?

Jamani hili swali haliishi. Kuingiza mkono ni chanzo cha karibu, kinakaa pamoja na hali iliyokuwepo pale: kava la rola halipo, mashine inazunguka. Ukiishia hapo umeeleza alivyoumia tu. Rudi nyuma. Alikuwa anatoa uchafu uliokwama, na hakuzima kwasababu mkanda unakwama kila mara, swichi iko upande wa pili na hakuna aliyepewa kufuli ya kufungia umeme. Kava je? Mafundi walilitoa wakati wa matengenezo wakawasha mashine bila kulirudisha, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuthibitisha. Halafu cheklisti ya ukaguzi ina tiki kwenye "kava lipo"! Hapo ndo kwenye vyanzo vya msingi: utaratibu wa kuzima na kufunga haupo, makabidhiano baada ya matengenezo hayapo, ukaguzi unafanyikia mezani. Jiulize, nikimtoa huyu nikaweka mwingine mwenye akili zake timamu, ajali inaweza kujirudia? Kama ndiyo, futa hilo neno uzembe.

Wanasema uulize "kwanini" mara tano ndo ufike kwenye chanzo. Lazima ziwe tano?

Hapana. Simama ukifika kwenye kitu ambacho uongozi unaweza kukibadilisha na una ushahidi nacho. Ila usifuate mstari mmoja, hapo juu ipo mitatu.

Nimeandika "usimamizi hafifu", ripoti ikarudishwa. Kwanini?

Wamefanya vizuri kuirudisha, hiyo ni lawama. Andika nani alitakiwa kufanya nini, kipi hakikufanyika na kwanini, mfano: "Supavaiza wa shifti anatakiwa kukagua kava kabla ya mashine kuwashwa. Cheklisti za wiki mbili zina tiki ilhali oda ya kazi ya mafundi inaonyesha kava lilishatolewa. Supavaiza anasimamia laini tatu peke yake, na hakuna anayepitia cheklisti zake." Umeona hata supavaiza sio mwisho wa safari? Wengi wakishakatazwa kumlaumu mfanyakazi wanahamia kwa supavaiza wanadhani ndo wamefika kwenye mfumo, kumbe wamepanda ngazi moja tu. Na ambatanisha hizo karatasi, bila hivyo ni maneno yako dhidi ya yake.

Naomba sampuli ya kukopi.

Sitoi. Sampuli ndo zinaleta "apewe mafunzo upya" kwenye kila ripoti, hata kwa mtu aliyekuwa anajua fika mkanda unazimwa kwanza.

Bosi anataka niondoe kwenye ripoti sehemu inayoongelea cheklisti.

Usiondoe. Kama anapinga aandike maoni yake pembeni aweke saini, na kopi ya mwanzo itunze. Chanzo kikifutwa na hatua yake inafutwa, halafu tiki zinaendelea kuwekwa kwenye kava ambalo halipo.