Sentroidi ya nusuduara: Pappus au integrali?

"Mwalimu, nusuduara ya nusukipenyo sm 6, kitabu chasema sentroidi iko sm 2.55 juu ya kipenyo. Mimi kwa Pappus napata 3.82. Nirudi kwenye integrali?" (Kisauni, Mombasa)

Mwanangu, 3.82 ni 2r/π, sentroidi ya waya uliopindwa, si ya eneo. Umetumia eneo la uso wa tufe mahali pa ujazo wake.

Zungusha nusuduara kwenye kipenyo chake, upate tufe. Kanuni ya Pappus yasema ujazo ni eneo mara njia inayopitwa na sentroidi:

(4/3)πr³ = (πr²/2)(2πȳ)

Hapo ȳ = 4r/(3π), yaani 8/π, takribani 2.55. Integrali yafika hapohapo: ∫2y√(r²−y²)dy kutoka 0 hadi r ni 2r³/3, gawanya kwa πr²/2.

Pappus ni fupi kwa sababu ujazo wa tufe tunaujua tayari. Usipoujua, integrali haikwepeki. Na mhimili usikate eneo ndani. Kuligusa ukingoni, kama hapa, si kosa.

Tazama nusu ya mkate wa sinia: sehemu kubwa iko karibu na ulipokatwa. Basi jibu lazima liwe chini ya 3, nusu ya nusukipenyo.