Vimweko vya mwanga na vidoti vyeusi jichoni

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 56, nauza dagaa hapa Nansio, na tangu nikiwa shuleni navaa miwani ya kuonea mbali. Juzi usiku nikageuza jicho la kushoto nikaona mwanga unamulika pembeni kama radi. Leo vidoti vyeusi vingi vinaelea. Jicho haliumi wala si jekundu. Duka la dawa wamenipa matone. Nisubiri kliniki ya Jumatatu?"

Hapana, mama, usisubiri. Panda kivuko cha kwanza cha kesho uvuke Mwanza, umwone daktari bingwa wa macho. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Matone hayo hayatakusaidia, maana ninachokihofia kiko nyuma kabisa ya jicho.

Jicho limejaa ute mzito unaogusana na retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga. Umri ukisogea, ute husinyaa na kujibandua. Kwa anayevaa miwani ya namba za kutoa kama wewe, jambo hili huwahi kutokea, na retina yake kwa pembeni huwa nyembamba zaidi. Retina ikivutwa haisikii maumivu. Yenyewe hujibu kwa mwanga tu, ndiyo maana unaona vimweko gizani na jicho limetulia. Vidoti vinavyozuka vingi kwa mpigo huweza kuwa chembe za damu zilizomwagika pale retina ilipochanika.

Wengi wenye dalili hizi hukutwa retina iko salama. Takriban mmoja kati ya saba ndiye huwa imechanika. Ila kwa maelezo yako peke yake siwezi kujua wewe uko upande upi. Lazima uwekewe dawa ya kupanua mboni, daktari aikague retina mpaka ukingoni. Ukimulikwa tochi tu ukaambiwa uko sawa, hujapimwa. Nenda na mtu, kwa sababu utaona ukungu kwa saa kadhaa.

Akikuta imechanika lakini haijabanduka, ataizungushia leza na utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kovu la leza huchukua wiki moja hadi mbili kukomaa. Ikiachwa, majimaji huweza kupenya hapo na kuibandua retina, na hapo leza pekee haitoshi tena. Ni upasuaji, na pengine rufaa ya mbali.

Usiku huu ziba jicho la kulia, kazia macho alama moja ukutani. Ukiona kivuli kimekula upande wowote, retina imeanza kubanduka. Kivuli kinachopanda kutoka chini kinanitisha zaidi: maana yake imebanduka sehemu ya juu, na majimaji hushuka haraka kuelekea katikati, pale unaposomea na kutambua sura za watu. Ukikiona, usingoje mapambazuko kutafuta msaada. Pigia hospitali usiku huohuo, na ukifika mapokezi kitaje kabla ya jambo lingine lolote.

Ukikutwa salama, rudi upimwe tena baada ya wiki 4 hadi 6. Vidoti vikiongezeka kabla ya hapo, rudi siku hiyohiyo.