Limau na beking soda viliniachia doa shingoni miezi mitano

Juzi dada mmoja kaniandikia, send-ofu yake ni wiki tatu zijazo, ana chunusi na madoa mashavuni, mama yake mdogo kamwambia apake limau na beking soda kila usiku, sasa anauliza aweke kiasi gani. Mdogo wangu, usipake hata tone.

Mimi nilifanya hivyohivyo harusi ya kaka yangu ilipokaribia. Kijiko kimoja cha beking soda, nusu limau, ikatoa povu nikaona dawa hii inafanya kazi, kumbe lile povu ni gesi tu, asidi na soda zinapambana. Ikawa inachoma, nikajiambia ndo inatoa uchafu. Nikapaka siku nne mfululizo, na chunusi ya kidevuni nikailaza na dawa ya meno. Siku ya tano uso umekaza, unang'aa kama nailoni, na losheni ninayopaka miaka yote ikaanza kuniwasha moto. Ukiona hivyo, maji tu ya kunawa yanachoma, jua ukuta wa ngozi umeshabomoka.

Ngozi ya juu kabisa ni seli zilizokufa zimepangwa kama matofali, na mafuta katikati yake ndo saruji. Yenyewe ina uchachu kidogo, pH kama 5, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unazidi. Limau lipo kwenye 2, na kipimo hiki kila namba moja ni mara kumi, yaani uchachu wake ni kama mara elfu wa ngozi yako! Beking soda iko 8 na kitu, upande wa pili, na ngozi ikisukumwa huko inashindwa kutengeneza yale mafuta vizuri huku seli zinabanduka kabla ya wakati. Ukichanganya kwa kijiko hujui kipi kimebaki kingi. Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugulia na sabuni ya povu, chunusi inakauka kweli ila na ngozi ya pembeni inaungua.

Kilichoniumiza zaidi ni jua. Limau, na ndimu ndo zaidi, lina kemikali inayoamshwa na jua. Nilinawa juujuu, nikasimama kituoni mchana kusubiri daladala, baada ya siku mbili malengelenge, halafu doa jeusi limeshuka kutoka kidevuni hadi shingoni, mchirizi uleule maji ya limau yalipopita. Picha zote za harusi nimejifunga mtandio, mpaka leo sipendi kuziangalia.

Daktari wa ngozi alinisimamishia kila kitu, akaniachia tu sabuni laini isiyo na manukato, vaselini usiku, sanskrini asubuhi. Kuchoma kuliisha wiki ya tatu, doa ndo likachukua miezi mitano. Chunusi nilianza kuzitibu baadaye, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 kutoka famasi, kidogo tu, usiku mmoja napaka mmoja napumzika.

Kwa hiyo dada, kwa wiki hizi tatu usianzishe kitu kikali. Na kama jana usiku ulishapaka, nawa sasa hivi kwa maji mengi na sabuni, shingo pia, na kesho na keshokutwa usitoke juani bila kujifunika.