Kutoka "kutunza stoo" hadi matokeo yanayohesabika: kuukarabati wasifu wa zamani

Kazi yangu ni kuchambua maombi ya kazi kwa niaba ya waajiri, na kuna mstari mmoja ninaoukuta mwishoni mwa wasifu mwingi: "Kufanya kazi nyingine yoyote niliyopangiwa na mkuu wangu wa kazi." Mstari huo si wa mwombaji. Ni wa barua yake ya ajira. Nikiuona najua kwamba hata mistari iliyo juu yake imetoka humohumo, na kwamba hadi hapo sijasoma lolote kuhusu mtu mwenyewe. Mtunza stoo hodari na yule aliyeiacha stoo ikavuja mali mwaka mzima walipewa barua zinazofanana neno kwa neno. Ukinakili barua, umenipa kitu ambacho nyote wawili mnacho.

Wewe unayeanza kuomba kazi ya pili au ya tatu kwa wasifu ule ule wa zamani, nataka tufanye marekebisho pamoja kwa mfano mmoja. Tuchukue mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari. Mfano na hesabu zake nimeutunga, lakini mambo yaliyomo ni ya kila siku katika maduka hayo. Wasifu wake unasema: kupokea na kutoa mizigo; kutunza kumbukumbu za stoo; kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi.

Wengi wakiambiwa waweke namba hukimbilia kujiuliza, "Nimeongeza nini?" Mtunza stoo akijiuliza hivyo anakwama, kwa sababu hakuuza chochote. Swali linalomfaa ni jingine: kazi hii isipofanywa vizuri, nini kinaharibika, na uharibifu huo unaonekana kwenye karatasi gani? Kila jukumu liliwekwa ili kuzuia hasara fulani. Ukiijua hasara, umepata kipimo.

Tuanze na kumbukumbu za stoo. Zikiwa mbovu, kadi ya bidhaa inasema kuna ndoo 30 za rangi wakati rafuni zimo 24. Hasara hiyo inaonekana kwenye karatasi za hesabu ya mwisho wa mwezi, pale ambapo safu ya kitabu na safu ya kilichohesabiwa hazilingani. Kwa hiyo kipimo chake ni rahisi: kati ya bidhaa zote zilizohesabiwa, ni ngapi zililingana na kitabu? Tuseme stoo ina aina 400 za bidhaa. Mwezi alioingia kazini zililingana 312, yaani asilimia 78. Miezi tisa baadaye zililingana 376, yaani asilimia 94.

Hapo bado hatujamaliza, kwa sababu namba peke yake haisemi kama ni kazi yake au ni bahati. Kilichobadilika ni nini? Tatizo la stoo hiyo lilikuwa mizigo kutoka kwa maneno. Mwenye duka anapiga simu, "Mpe huyo mifuko kumi, karatasi itakuja," na karatasi haiji. Mtunza stoo akakubaliana na bosi wake kwamba hakuna mzigo unaovuka mlango bila hati iliyosainiwa, hata kama simu imepigwa. Pili, badala ya kusubiri mwisho wa mwezi, akawa anahesabu aina 20 kila siku asubuhi kabla ya wateja kujaa. Kwa mwendo huo stoo yote inapitiwa ndani ya siku 20 za kazi, na kosa linagundulika wakati watu bado wanakumbuka nani alichukua nini.

Sasa mstari unaandikika: "Nilipandisha ulinganifu wa mali na vitabu kutoka asilimia 78 hadi 94 ndani ya miezi tisa (aina 400 za bidhaa), kwa kuanzisha hati ya lazima ya kutolea mzigo na hesabu ya kila siku ya aina 20." Humo mna mahali alipoanzia, alipofika, muda, ukubwa wa kazi na alichokifanya. Kimojawapo kikikosekana, nitakiuliza kwenye usaili. Vikikosekana vitatu, huenda nisikuite. Na hata kama wasifu wako unauandika kwa Kiingereza, kama waajiri wengi binafsi wanavyotaka, mpangilio wa fikra ni huohuo.

Uwe mwangalifu na asilimia. Kutoka 78 hadi 94 si "ongezeko la asilimia 16". Ni pointi 16, na msomaji anayejua hesabu atakushika hapo. Andika tu namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho, usijitafutie tabu. Vilevile usiandike "asilimia 100" pale jambo lilipotoka moja likawa mawili. Namba ndogo ziandike kama zilivyo.

Jukumu la kupokea mizigo lina hasara yake pia, na hapa nataka nikuonyeshe mtego ambao watu waaminifu kabisa huingia. Saruji hunyonya unyevu wa hewani. Ikikaa sana, hasa ikilala juu ya sakafu tupu au ikigusa ukuta, huganda ndani ya mfuko na haiuziki. Mtunza stoo wetu aliinua mifuko juu ya mbao, akaiachia nafasi na ukuta, na akapanga mzigo uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Anakumbuka kwamba robo ya Machi hadi Mei ilitupwa mifuko 40, na robo ya Julai hadi Septemba ikatupwa 3. Ni namba inayovutia. Lakini Machi hadi Mei ni masika, na Julai hadi Septemba ni kiangazi. Sehemu ya ushindi huo ni ya jua. Alinganishe masika na masika. Kama masika ya mwaka uliofuata ilitupwa mifuko 9, basi 40 hadi 9 ndiyo namba yake. Ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini akiulizwa swali lolote ataijibu. Kwa mwenye duka la sukari, msimu unaopotosha hesabu hivyo ni Ramadhani. Kwa mwenye duka la madaftari, ni Januari shule zinapofunguliwa. Kabla ya kulinganisha miezi miwili, jiulize kama ilifanana.

"Lakini mimi nimeshaondoka pale, namba nazitoa wapi?" Hili huulizwa kila mara, na jibu ni kwamba huwa zimebaki mahali pengi kuliko mtu anavyodhani. Kundi la WhatsApp la kazini mara nyingi ndiyo hazina kubwa: picha za karatasi za hesabu, ujumbe wa "leo zimeingia lori mbili", malalamiko ya mteja na siku yake. Tafuta humo maneno kama "stoo", "imeganda", "imepungua". Kuna barua pepe za ripoti za mwezi. Kuna daftari lako mwenyewe. Kwa waliokuwa serikalini, kuna fomu za tathmini ya utendaji, kuanzia za OPRAS hadi kumbukumbu za PEPMIS, ambako malengo na matokeo uliyajaza kwa mkono wako. Na kuna mwenzako aliyebaki pale, ambaye hatakupa nyaraka, na usimwombe, lakini anaweza kukukumbusha kama lori zilikuwa tatu au nane kwa wiki.

Usichukue karatasi za mwajiri wala kutaja mauzo yake, faida yake au bei alizopewa na wauzaji. Asilimia, idadi ya bidhaa na siku kwa kawaida zinatosha kuonyesha kazi bila kufungua vitabu vya watu. Mwajiri mpya akiona unamwaga siri za wa zamani, atajua na zake zitamwagika.

Ukibaki na makadirio, andika makadirio. "Lori 6 hadi 8 kwa wiki" ni maneno ya mtu anayeijua stoo yake. "Lori 347 kwa mwaka" kutoka kwa mtu asiye na kumbukumbu ni namba itakayomwangusha. Kwenye usaili nitauliza jambo moja tu: "Hii uliipimaje?" Anayesema, "Tulikuwa na karatasi ya kuhesabia yenye safu mbili, nikahesabu mistari iliyolingana," amemaliza. Anayeanza kutazama dari, hata namba zake nyingine naanza kuzitilia shaka.

Kama mlikuwa watatu, sema mlikuwa watatu. "Nikiwa mmoja wa watunza stoo watatu" hakukupunguzii kitu. Kunaniambia pia kwamba unajua kufanya kazi na wenzako zamu kwa zamu, kitu ambacho stoo kubwa inakihitaji sana.

Si kila jukumu lina kabla na baada. Pengine uliikuta stoo iko sawa, ukaiacha iko sawa. Hiyo nayo ni kazi, na kipimo chake ni ukubwa wa mzigo na kiwango kilichoshikiliwa: "Nilipokea lori 6 hadi 8 kwa wiki kwa miaka miwili, hesabu ya makabidhiano nilipoondoka ililingana kwa aina 388 kati ya 400." Usitunge maboresho ambayo hayakuwapo. Jukumu ambalo halina hasara unayoweza kuionyesha, kama kufungua na kufunga stoo, liunganishe na mengine kwenye mstari mmoja mfupi wa majukumu, au liondoe. Yale yaliyotajwa kwenye tangazo la kazi yaache yaonekane, pamoja na majina ya programu ulizotumia kama Tally au QuickBooks, kwa sababu mchujo wa kwanza mara nyingi hutafuta hayo.

Kwa kazi moja, mistari mitatu au minne ya matokeo inatosha, na wenye nguvu kuliko yote ukae wa kwanza chini ya cheo. Macho yangu yakipitia rundo la maombi husoma cheo, mwajiri, miaka, kisha mstari ule wa kwanza. Wa tano mara nyingi siufikii.

Ukishamaliza, wapigie wadhamini wako kabla hujatuma chochote. Wasomee mistari yenye namba, waulize kama ndivyo wanavyokumbuka. Bosi wako wa zamani akisema, "Mbona mimi nakumbuka ilikuwa kama asilimia 90?", rekebisha, au mwonyeshe ulikoitoa. Mimi nitampigia huyohuyo, na swali langu la kwanza kwake litakuwa kuhusu mstari ule wa juu.