Ukisema "Hamjambo" jukwaani, subiri jibu

Mimi ni mshereheshaji, na kitu cha kwanza ninachokiangalia kwa msemaji ni anachofanya baada ya kusalimia.

Ukimsalimia mtu mmoja, maneno yanapishana. Hujamaliza "habari za", naye keshasema "nzuri", na wote mmeridhika. Ukipanda na mwendo huo jukwaani utasema "Hamjambo, jina langu ni…", na "hatujambo" ya watu italimeza jina lako.

Umati haujibu kwa pamoja. Wa mbele huanza, wa nyuma huwasikia wenzao ndipo wakaitikia. Umbali wenyewe ni kitu kidogo: sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hata ukumbi wa mita 34 huupita kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde. Wanaochelewa ni watu. Basi sema "Hamjambo", funga mdomo, usiongeze neno. Jibu litapanda, kisha litaanza kushuka. Likianza kushuka ndipo uendelee. Ukingoja liishe kabisa, ukumbi unapoa. Wakiitikia kinyonge, endelea tu. Ile "sijawasikia!" ya kurudiarudia imeshachosha watu.

Kelele acha, hiyo ni kazi ya kipaza sauti. Kishike karibu ngumi moja kutoka mdomoni na uongee kwa sauti ya kawaida yenye pumzi ya kutosha. Wengi huishiwa mwishoni: "hamja" inasikika, "mbo" inazama. Vuta pumzi kabla ya neno, uibebe mpaka silabi ya mwisho. Kwa mtu aliye mbele yako hilo halina shida, midomo yako anaiona.

Macho ndiyo yenye kazi zaidi. Mtu mmoja unamtazama, unaachia kidogo, unarudi. Ukimganda anaona unamkodolea. Jukwaani ukiachia hivyo unaonekana una wasiwasi, na ukifagia ukumbi mzima kwa jicho moja hutakuwa umemtazama yeyote. Chagua uso mmoja nyuma kushoto, mmoja nyuma kulia, mmoja katikati, na kila mmoja umpe sentensi nzima. Kwa mbali, walio jirani na huyo uliyemlenga nao huona wametazamwa. Mimi huanza na wa nyuma, maana wa mbele hawana pa kukimbilia. Taa zikikupofusha, elekeza macho pale nyuso zinapopaswa kuwa, si darini. Ukiona watu wa upande mmoja wameanza kunong'onezana, mara nyingi huo ndio upande uliousahau.

Mgeni akipanda mkasalimiana, teremsha kipaza sauti kwanza. Mtazame yeye, msalimie kwa sauti ya watu wawili, acha maneno yapishane kama kawaida. Kisha geukia ukumbi, vuta pumzi, ndipo ukipandishe tena.