Dereva "aliyevaa miwani": tafsiri sisisi inapopotosha ushahidi

Swali: Natafsiri maelezo ya shahidi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mteja ameniagiza nisibadilishe neno hata moja. Shahidi anasema, "Dereva alikuwa amevaa miwani." Nimeiacha miwani kama ilivyo, lakini mwenzangu anadai nimekosea. Je, nimekosea?

Jibu: Ikiwa shahidi alitumia nahau, umekosea. Kuvaa miwani ni kulewa, na katika tafsiri yako ulevi umetoweka.

Msomaji wa Kiingereza akiambiwa neno kwa neno kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, hushtuka na kuuliza maana yake. Dereva mwenye miwani hamshtui yeyote, ndiyo maana kosa lako ni gumu kuligundua. Hata mteja akiirudisha tafsiri kwenye Kiswahili ili aikague, ataipata miwani yake salama na kuridhika.

Anza na maelezo yenyewe. Shahidi ametaja pombe, kuyumba au maneno ya kilevi? Au anasema baadaye kwamba miwani ilianguka, au ilikuwa nyeusi? Nahau haivumilii nyongeza za namna hiyo: miwani ikishapata rangi au ikivunjika, ni ya machoni. Maelezo yasipoamua, usiamue wewe. Muulize mteja, na ikishindikana andika maana zote mbili katika tanbihi.

Ikithibitika kuwa ni nahau, kwenye ushahidi andika wazi kwamba dereva alikuwa amelewa, kisha weka tanbihi yenye maneno halisi ya shahidi, maana anaweza kuhojiwa juu yake. Usikimbilie nahau ya ulevi ya Kiingereza. Nyingi hubeba kejeli, au humaanisha kulewa chakari, jambo ambalo shahidi hakulisema.

Kwenye hadithi ningefanya tofauti. Mhusika anayesema "amevaa miwani" anaficha aibu kwa tafsida, na ukiandika "amelewa" utakuwa umemvua adabu yake. Hapo tafuta tafsida ya lugha lengwa yenye upole uleule. Usipoipata, sema maana wazi, kisha urudishe ule upole katika sentensi jirani ya mhusika huyohuyo.

Kinachonikera ni orodha zinazouzwa za nahau zilizopangwa mbilimbili, Kiswahili huku na Kiingereza kule, kana kwamba kila nahau ina pacha wake. Hazisemi nani huitumia, kwa ukali gani, wala mbele ya nani. Anayezitegemea na anayetafsiri neno kwa neno wana kosa moja: wote wameruka kazi ya kuuliza msemaji alikusudia nini.

Mpe mtu anayeijua vizuri lugha lengwa tafsiri yako peke yake, bila matini chanzi, umwombe akusimulie kilichotokea. Asipotaja ulevi, irekebishe sentensi kabla ya kumkabidhi mteja.