Kupeleka wanafunzi kwenye mikoko siyo mzunguko wa Kolb

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma diploma ya ualimu, kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, niliwapeleka kidato cha pili kuona mikoko Bagamoyo, somo la jiografia. Sasa nina asaimenti ya nadharia za ujifunzaji, nieleze mzunguko wa Kolb kwa kutumia somo hilo. Niliandika hivi: uzoefu ni pale tulipoenda, tafakuri ni walivyojadili kwenye basi, dhana ni notisi nilizowapa darasani, majaribio ni ripoti waliyoandika. Mkufunzi kanirudishia kaandika "hakuna mzunguko hapa". Kuna mwanafunzi mmoja aliuliza mbona mti wenye mizizi kama penseli upo mbele kwenye maji halafu upo tena nyuma kule pakavu, nikamwambia tutaliona darasani maana muda ulikuwa umeisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mkufunzi wako yuko sahihi, na jibu lako lipo kwenye hiyo sentensi yako ya mwisho kuhusu yule mwanafunzi. Swali lake ndiyo mzunguko wenyewe ulikuwa unaanza kuzunguka, ukausimamisha kwa sababu ya basi.

Hili naliona kila muhula na linanichosha kwa kweli. Mtu anachukua ratiba ya safari, anaigawa vipande vinne, kila kipande anakibandika jina la hatua ya Kolb, basi kamaliza. Ukifanya hivyo hata harusi ina mzunguko wa Kolb, maana watu walienda, wakaongea njiani, wakapewa maelezo, wakaandika kwenye kitabu cha wageni. Mwanasaikolojia David Kolb alipoweka nadharia yake kwenye kitabu mwaka 1984, akijenga juu ya Dewey, Lewin na Piaget, hakuwa anaelezea mfululizo wa shughuli. Alikuwa anaelezea kinachotokea kwenye kichwa cha anayejifunza, kwamba kuna namna mbili za kulipata jambo, ama unalipata kwa kuligusa lenyewe au kwa kuwa na dhana juu yake, na kuna namna mbili za kulifanyia kazi ulilolipata, ama unalitafakari au unaliingiza kwenye vitendo uone litakupa nini. Hatua nne zinatokana na hapo. Kwa hiyo kila hatua lazima ipokee kitu kutoka hatua iliyopita na ikabidhi kitu kwa inayofuata, na kama hakuna kilichokabidhiwa basi una shughuli nne tu zimepangwa foleni.

Tuchukue mikoko yako tuone ingekuwaje.

Wanafunzi wako kwenye tope, maji yametoka, wanaona mizizi imechomoza. Huo ni uzoefu halisi, na hapo huna tatizo. Ila tafakuri siyo kupiga stori kwenye basi. Tafakuri ni kurudi kwenye ulichokiona ukakikagua kabla mtu hajakupa jibu. Yule mwanafunzi kasema mti ni uleule mbele na nyuma. Je, ni uleule kweli? Mbele kabisa kwenye maji mara nyingi unakuta mlilana, na wenyewe unachomoza mizizi juu ya tope, ila mizizi yake ni minene chini na imechongoka juu, majani yake yana ncha ya duara. Mchu mizizi yake ni myembamba, hiyo ndiyo ya penseli, jani limechongoka na ukiligeuza chini lina rangi ya kijivu inayoelekea weupe, na ukililamba unakuta chumvi kwa sababu mchu unatoa chumvi kupitia majani. Na kweli kwenye pwani yetu mchu unaweza kuukuta pande zote mbili, upande wa bahari na upande wa nchi kavu, katikati wametawala mkoko wenye mizizi ya kuinama na mkandaa. Kwa hiyo ungemwambia tu yule mtoto "chuma jani la mbele na jani la nyuma uje nayo hapa", dakika tatu, darasa zima lingekuwa kwenye tafakuri bila wewe kutaja neno hilo.

Halafu dhana. Hapa sikulaumu sana kwa kutoa notisi, maana Kolb hajakataza mwalimu kuleta nadharia kutoka kwenye kitabu, tatizo ni kwamba notisi zako hazikukutana na walichokiona. Ukiwauliza wanafunzi kwa nini miti imejipanga vile, karibu wote watakwambia karibu na bahari kuna chumvi nyingi, ukienda nyuma chumvi inapungua, kwa hiyo kila mti umekaa kwenye chumvi inayoufaa. Dhana nzuri tu, imetokana na walichokiona, iache isimame. Usiirekebishe hapohapo, najua inawasha mdomo, ila usiirekebishe.

Kwa sababu sasa ndiyo unafika kwenye hatua ya nne, ambayo nyinyi karibu wote mnaiua kwa ripoti. Ripoti siyo majaribio. Mtihani wa wiki siyo majaribio. Majaribio ya vitendo maana yake unaichukua ile dhana yako unaiweka mahali ambapo inaweza kushindwa. Kama dhana haiwezi kushindwa popote kwenye somo lako, hatua ya nne haipo.

Kwa somo lako lilikuwa jambo rahisi sana. Kama ni kweli chumvi inapungua kuelekea nchi kavu, basi tope la nyuma litakuwa na chumvi kidogo kuliko tope la mbele. Mnachota tope sehemu tatu, mbele, katikati na kule nyuma kwenye mchu wa pakavu, kila moja kwenye chupa yake yenye jina. Shuleni mnalianika mpaka likauke kabisa, mnapima gramu 50 kwa kila sehemu, mnaweka mililita 100 za maji ya mvua (siyo ya kisima, visima vingi vya pwani vina chumvi yake), mnakoroga, mnaacha litulie, mnachuja, mnachukua kiasi kilekile cha maji yaliyochujwa kwa kila sehemu, mnayachemsha mpaka yaishe kwenye chombo mlichokipima kabla, halafu mnakipima tena. Kilichoongezeka kwa sehemu kubwa ni chumvi. Kabla hamjapima kila kundi linaandika kwenye daftari wapi chumvi itakuwa nyingi na kwa nini, hii ni lazima, bila hivyo kila mtu baadaye atasema alijua.

Na mara nyingi, hasa kiangazi, tope la nyuma ndilo linaongoza. Kule nyuma maji yanafika wakati wa bamvua tu, yakishaondoka jua linakausha, chumvi inabaki, bamvua lijalo linaongeza nyingine, mpaka tope linakuwa na chumvi kupita maji ya bahari yenyewe, ambayo yana kama gramu 35 kwa lita. Mchu unakaa pale kwa sababu unaweza kuitoa, wenzake wengi hawawezi. Hapo dhana ya darasa imeanguka mbele ya macho yao na inabidi waijenge upya, watazungumzia maji yanafika mara ngapi, jua, mvua, na siyo umbali kutoka baharini peke yake. Wakienda tena fildi wataangalia vitu ambavyo mara ya kwanza hawakuviona kabisa, na huo sasa ndiyo mzunguko.

Angalia pia matokeo yanaweza kukataa. Ukichota baada ya masika, mvua imeosha tope la nyuma na utofauti unaweza kupotea au kugeuka. Ukiwa upande wa delta ya Ruvu maji baridi ya mto yanaingilia. Hayo siyo kufeli, mwanafunzi anayesema "labda ni kwa sababu ya masika, tupime tena kiangazi" ameshaanza raundi ya pili bila kusukumwa.

Sasa kwenye asaimenti, amua kwanza mzunguko unaouandika ni wa nani. Wengi mnaanza na uzoefu wa wanafunzi, mnahamia tafakuri ya mwalimu, dhana ni ya kitabu, majaribio ni ya wanafunzi tena, yaani hatua nne vichwa vitatu tofauti. Ukiandika wa wanafunzi, kila hatua onyesha mwanafunzi alisema nini au alifanya nini. Ukiandika wa kwako kama mwalimu mwanafunzi, hapo hata uliyonayo yanakutosha: uzoefu wako ni lile swali ulilolikatisha, tafakuri ni kwa nini ulilikatisha, dhana ni kwamba ulipanga safari ukimpa muda mtu anayeeleza na siyo mtu anayeuliza, na majaribio ni andalio lako la somo lijalo ambalo kweli unalifundisha halafu unaangalia kama maswali yameongezeka. Na kama hatua ya nne haikutokea, andika haikutokea, eleza mzunguko ulikatikia wapi na ungeuendeleza vipi. Hiyo inapata maksi nzuri kuliko kutunga eti wanafunzi "waligundua".

Maana kutunga ndiko kumejaa. Kuna watu wanauza hizi asaimenti kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye stesheneri za jirani na vyuo, mchoro wa duara na mishale minne, maelezo yaleyale, wanabadilisha tu mikoko kuwa bwawa au mbuga, na nyingine wamechanganya hatua sita za Gibbs za mwaka 1988 humohumo bila hata kujua ni kitu kingine. Tunazisoma kila mwaka, tunazijua kwa macho. Na kuna wengine wabaya zaidi, wanaopita mashuleni na karatasi za maswali wanawapima watoto "mtindo wa kujifunza", huyu ni wa kutafakari, yule ni wa vitendo, halafu wanashauri kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Kolb kweli alitengeneza kipimo cha mitindo, lakini nadharia yake inamtaka kila mtu apite hatua zote nne, na mwaka 2008 wanasaikolojia Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork walipopitia tafiti zilizokuwepo hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo wake kunamfanya ajifunze zaidi. Mtoto aliyeambiwa yeye ni wa vitendo tu amepewa ruhusa ya kutofikiri, na mzazi amechangia hela kwa hilo.

Kwa hiyo nyinyi mnaoingia kazini, kabla hujaomba shule ikutafutie basi, nenda kwa mwalimu wa taaluma umwombe vipindi viwili vya mfululizo baada ya safari, na chombo cha kuleta sampuli, na mizani. Akikwambia vipindi havipo ila basi lipo, safari hiyo ni matembezi, na kwenye andalio la somo iite matembezi.